Anapoitwa 'mtoto' akiwa kazini: Heshima ya mkunga kijana hujengwa hivi

MAMA mwenye watoto wanne anapofika kliniki ya wajawazito na kukuta anayempima ni binti wa miaka 22, swali la kwanza huwa usoni kabla halijafika mdomoni. Huyu naye amezaa lini?

Wengine hulisema waziwazi. Wengine huuliza tu, “Mkubwa wako yuko wapi?” Wapo pia wanaokaa benchi mpaka yule muuguzi wa siku zote arudi, hata kama mbele yao kuna kiti kitupu na mtu wa kuwahudumia.

Hali hii haishangazi. Kijana anayemaliza kidato cha nne akiwa na miaka 17 au 18, akasoma stashahada ya uuguzi na ukunga kwa miaka mitatu, anaweza kupata leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania kabla hajafikisha miaka 23. Akipangiwa kazi Bunda, tuseme katika kata ya Manyamanyama, anaingia katika mkoa ambao rika lina uzito wake. Kwa jamii nyingi za Mara, aliyekutangulia kwa rika ndiye anayetangulia kusema. Leo binti huyu anatakiwa amwambie mtu wa umri wa mama yake apande kitandani, afunue tumbo, na aache kula udongo.

Wazazi wengi wana kijana wa aina hii nyumbani, awe muuguzi, mwalimu au karani. Jioni anarudi amenuna, anasema kazini hawamsikilizi.

Kosa linalofanywa mara nyingi ni kutafuta heshima kwa ukali. Kijana akiona anadharauliwa hupandisha sauti, hugombeza wajawazito kwa kuchelewa kliniki, hujibu kwa mkato ili aonekane mkubwa. Matokeo yake mama hanyamazi kwa heshima, ananyamaza kwa hofu, na mama mwenye hofu haelezi kuwa tangu jana kichwa kinamuuma. Kosa la pili ni kinyume chake, yaani kunywea. Anaona tatizo lakini anasema kwa sauti ya chini, “Nadhani labda presha iko juu kidogo.” Neno “labda” linampa anayesikiliza ruhusa ya kutofanya chochote.

Kijana hana miaka ya kazi ya kujitetea nayo, ila ana kitu kimoja ambacho hakitegemei umri: kipimo ambacho mtu mwingine yeyote akikirudia atapata jibu lilelile. Hapo ndipo pa kuanzia.

Tuchukue mfano. Mkunga wa miaka 23 yuko kliniki. Anakuja mama wa miaka 38, mimba ya tano, wiki ya 34. Mkunga anaanza na shikamoo. Wapo vijana wanaodhani shikamoo kwa mgonjwa inawashusha, lakini kwa mama huyu ni dalili kwamba binti amelelewa. Kisha anajitambulisha: jina lake, kwamba ni muuguzi mkunga, na kwamba ndiye atakayempima leo. Kabla ya kugusa anaeleza anachotaka kufanya.

Presha inasoma 150 kwa 100. Mama anacheka, anasema kipimo kimekosea, ametembea juani. Muuguzi mkubwa anayepita anasema vilevile: “Umepima vibaya, rudia.”

Hapa kijana mwingine angebisha, na mwingine angeandika 120 kwa 80 ili yaishe. Jibu zuri ni kukubali kurudia, tena kwa utaratibu ambao hautaacha nafasi ya ubishi. Mama anapumzika robo saa, mgongo umeegemea, miguu chini bila kupishanisha. Mkono uko wazi, umelazwa juu ya meza usawa wa moyo. Mkanda unaomtosha, kwa sababu mkanda mdogo kwenye mkono mnene husoma juu kuliko ukweli. Wakati wa kupima hakuna anayeongea.

Inasoma 148 kwa 98. Kwa mjamzito aliyevuka wiki ya 20, presha inayofika 140 kwa 90 na ikabaki hapo baada ya kurudiwa si ya kupuuzwa. Mkunga anapima mkojo na kukuta protini. Anauliza maswali matatu: kichwa kinauma sana? Macho yanaona ukungu? Kuna maumivu juu ya tumbo, chini ya mbavu? Mama anakiri kichwa kinamuuma tangu jana. Hizi ni dalili zinazoweza kutangulia kifafa cha mimba.

Sasa anakwenda kwa yule mkubwa wake. Namna anavyosema ndiyo itakayoamua kama atasikilizwa. Anataja mgonjwa, alichokipata, maana yake, na anachoomba: “Dada, yule mama wa wiki 34, presha 150 kwa 100, nimerudia baada ya robo saa ni 148 kwa 98. Mkojo una protini, na kichwa kinamuuma tangu jana. Nina wasiwasi na kifafa cha mimba. Naomba uje umwone sasa, nadhani anahitaji daktari leo.” Maneno hayo yanachukua chini ya nusu dakika. Ameita “dada” kwa adabu, lakini namba zimetangulia maoni yake.

Akipuuzwa, anasema mara ya pili, kwa utulivu uleule: “Bado nina wasiwasi.” Ikishindikana anakwenda kwa mganga mfawidhi, na kabla ya kwenda anamweleza yule dada kwamba anakwenda, ili isionekane amemzunguka. Vipimo vyote viwili na saa ya kila kimoja vinaandikwa kwenye kadi na kwenye rejista.

Mama akipewa rufaa, kuna hatua moja ambayo wengi huisahau: kufuatilia. Kesho yake mkunga anauliza hospitali mama anaendeleaje, kisha anawarudishia wenzake jibu, hata kama jibu ni kwamba presha imeshuka na hakukuwa na hatari kubwa. Wakubwa kazini huanza kumwamini kijana wanapojua kwamba hatangazi hatari ovyo, na akiitangaza huja na vipimo. Hilo halitokei siku moja. Ni zamu baada ya zamu.

Vivyo hivyo kwa asichokijua. “Sijui, naenda kuuliza, nitarudi” ni jibu zuri kwa mgonjwa, ilimradi kweli arudi. Akisahau kurudi mara mbili tu, wameshamjua.

Kuna mipaka, na wazazi waijue. Wapo wakubwa ambao hawatabadilika hata kazi iwe safi kiasi gani. Kama dharau imegeuka kuwa kunyimwa haki, kwa mfano mwajiri kumnyima mafunzo au kupandishwa cheo kwa sababu tu ya umri, hilo si suala la uvumilivu tena. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inataja umri miongoni mwa mambo ambayo mwajiri haruhusiwi kuyatumia kumbagua mfanyakazi. Lakini mzazi kumpigia simu bosi wa mwanawe, kama baadhi wanavyofanya, humthibitishia bosi kwamba kweli ameajiri mtoto. Msaada mzuri zaidi ni kumsikiliza jioni, kisha kumuuliza: ulisemaje, na uliandika wapi?

Na kwa mama aliye kwenye benchi, asiyemwamini binti aliye mbele yake, ipo njia ya kumpima bila kumtukana. Amuulize, “Presha yangu leo ni ngapi, na mara iliyopita ilikuwa ngapi?” Binti anayeijua kazi yake atafungua kadi na kumwonyesha zote mbili.