Maji Kufungwa kwa Kusafisha Tangi: Yale Ambayo Ilani kwa Wapangaji Inapaswa Kusema

Ilani nyingi za kufunga maji katika ploti zetu huwa za mstari mmoja: "Jumanne maji hayatakuwepo, tunasafisha tangi." Mpangaji akisoma hivyo, huweka mtungi mmoja akidhani maji yatarudi jioni. Hayarudi. Kusugua tangi huchukua saa chache tu, lakini dawa ya kuua viini huhitaji siku nzima ndani ya tangi. Kwa hiyo ilani inapaswa kutaja saa ya kufunga, saa ya kurudi, na mitungi ambayo kila nyumba iweke.

Tuchukue mfano wa ploti ya vyumba kumi mjini Kalokol, yenye tangi la lita 5,000. Jumanne saa mbili asubuhi, vali inayopeleka maji vyumbani inafungwa. Tangi linamwagwa, tope linaondolewa na kuta zinasuguliwa. Kisha tangi linajazwa hadi robo, na klorini ya unga yenye nguvu inatiwa. Kipimo ni gramu 80 kwa kila lita 1,000 za ukubwa wa tangi, yaani gramu 400 kwa tangi hili. Linajazwa hadi juu na kuachwa kwa saa 24.

Iwapo dawa imetiwa saa sita mchana Jumanne, maji hayo yatamwagwa saa sita mchana Jumatano. Hayafai kunywewa na watu wala mifugo, kwa hiyo yasielekezwe mahali mbuzi wanaponywea. Baada ya hapo tangi hujazwa tena, na wapangaji hupata maji jioni. Kazi iliyoonekana ya asubuhi moja imechukua siku mbili.

Mwenye ploti ataona pia kwamba tangi limejazwa mara mbili, yaani lita 10,000. Ndiyo sababu apange tarehe baada ya kuuliza ratiba ya mgao wa maji. Mfereji mkuu ukikauka Jumatano, tangi litakuwa safi lakini tupu. Mjini Lodwar aulize LOWASCO. Kwingineko aulize wanaosimamia mradi wa maji wa eneo lake.

Mpangaji naye apige hesabu hivi: mtu mmoja hutumia takriban lita 20 kwa siku, ambazo ni mtungi mmoja. Familia ya watu watano kwa siku mbili inahitaji mitungi kumi. Asiye na mitungi ya kutosha atenge kwanza maji ya kunywa na kupika, na nguo zingoje hadi Alhamisi. Mitungi ifunikwe vizuri, kwa kuwa maji yaliyo wazi huvutia mbu.

Kwa wakaazi wa karibu na Ghuba ya Ferguson, ilani fupi mno ina hatari nyingine. Maji yakikosekana usiku, ziwa liko karibu. Lakini maji ya Ziwa Turkana yana magadi na floraidi nyingi, ambayo huharibu meno na hata mifupa kwa anayeyanywa kwa muda mrefu. Kuyachemsha huua viini tu, floraidi hubaki. Klorini pia haiiondoi. Isitoshe, kuna mamba.

Ilani inayotosha inaweza kuandikwa hivi:

"Kwa wapangaji wote. Maji yatafungwa Jumanne saa mbili asubuhi hadi Jumatano saa kumi na mbili jioni, kwa ajili ya kusafisha tangi. Tafadhali wekeni mitungi miwili kwa kila mtu kabla ya Jumatatu usiku. Fungeni mifereji yote mnapotoka. Watoto wasikaribie tangi wala maji yanayomwagwa. Saa zikibadilika, mtaarifiwa Jumatano kabla ya saa nane mchana."

Itumwe siku saba mapema na ikumbushwe siku moja kabla. Barua pepe humfikia aliye Lodwar au Kakuma kikazi, lakini asiyeisoma atumiwe ujumbe mfupi wa simu, na nakala ibandikwe langoni. Aliyevuka kwenda Long'ech kununua samaki asirudi na kukuta mfereji mkavu.

Ombi la kufunga mifereji lina sababu. Mfereji ulioachwa wazi wakati hakuna maji utamwaga usiku kucha yakirudi, na tangi litaamka tupu.

Maji yakirudi, acha ya kwanza yatiririke ndani ya ndoo hadi yawe maangavu, uyatumie kupigia deki. Harufu hafifu ya klorini ni ya kawaida. Ikiwa ni kali na haiishi, usiyanywe; mwarifu mwenye ploti, kwani huenda maji ya dawa hayakumwagwa yote, na tangi litahitaji kumwagwa na kujazwa upya.