Wastani wa siku tatu na mistari miwili ya mwanzo

Mfugaji anayeandika maziwa ya kila siku kwenye laha ya kompyuta huona namba zikipanda na kushuka ovyo. Akitaka kujua ng'ombe anaelekea wapi, hutafuta wastani wa siku tatu za mwisho, unaosogea kila siku mpya inapoongezwa. Kuanzia siku ya tatu hesabu ni nyepesi. Ugumu uko kwenye siku mbili za mwanzo, ambazo hazina siku tatu nyuma yao.

Tuseme kichwa cha safu kiko B1, na lita zinaanzia B2: 12, 15, 9, 18, 6. Katika C4 tunaandika `=AVERAGE(B2:B4)` na kupata 12. Tukiinakili fomula hiyo kwenda juu, C3 itasoma B1 hadi B3. Kichwa kikiwa maneno, AVERAGE inakiruka na jibu ni 13.5, sahihi kabisa. Lakini kichwa kikiwa mwaka 2025 ulioandikwa kama namba, nao utahesabiwa kuwa lita, na wastani utakuwa 684. C2 inatafuta mstari wa sifuri, ambao haupo, na Excel inaonyesha `#REF!`.

Kosa baya zaidi ni lile lisilopiga kelele: kujumlisha kilichopo kisha kugawa kwa tatu hata pale penye namba moja. Mistari mitatu ya kwanza itatoa 4, 9 na 12. Ukichora grafu, utaamini maziwa yameongezeka mara tatu, ilhali siku ya tatu ndiyo ng'ombe alitoa kidogo kuliko siku mbili za kabla yake.

Dawa ni kuizuia fomula isivuke mstari wa kwanza wa data. Andika hii katika C2, kisha uivute chini:

```
=AVERAGE(INDEX($B:$B,MAX(ROW($B$2),ROW()-2)):B2)
```

`ROW()-2` inarudi nyuma mistari miwili. `MAX` inachagua namba iliyo kubwa kati ya hiyo na mstari wa B2, hivyo mwanzo hauwezi kupanda juu ya data. `INDEX` inaigeuza namba hiyo kuwa seli ya kuanzia. Majibu ni 12, 13.5, 12, 14 na 11. Kompyuta nyingine hutaka nukta mkato badala ya mkato. Hiyo ni mipangilio ya eneo tu.

Fomula hii inahesabu mistari mitatu, si lazima vipimo vitatu. Kama siku ya nne hukupima, acha seli wazi: siku ya tano wastani utakuwa wa 9 na 6, yaani 7.5. Ukiandika sifuri utapata 5, kana kwamba ng'ombe alikamuliwa na hakutoa hata tone.