Je, wajua kigae cha bafuni huanzia wapi kupasuka?

Kigae cha ukutani ni udongo uliochomwa, mwepesi na wenye vinyweleo, uliopakwa juu tabaka jembamba la kioo. Mashine ya mkono ya fundi haikikati. Gurudumu lake dogo huchora mstari juu ya kioo tu, kisha fundi akikandamiza, ufa hufuata mstari huo hadi upande wa pili. Ufa hupenda kwenda moja kwa moja, kona hauwezi. Ndiyo maana shida huanza pale kigae kimoja kinapotakiwa kupanda juu ya ukingo wa hodhi la kuogea na wakati huohuo kushuka ubavuni mwake.

Kigae hicho hukatwa umbo la L. Kwanza toboa tundu la milimita 6 kwenye kona ya ndani, kwa keekee inayozunguka bila kugonga, huku ukimwagia maji kidogo. Kona kali hukusanya nguvu zote mahali pamoja. Tundu la mviringo huzitawanya. Kisha kata kwa grenda pande mbili hadi kwenye tundu. Kata ukianzia mgongoni, maana jiwe la grenda ni duara: upande linakoingilia mkato huwa mrefu zaidi, na ukianzia usoni utazidisha mkwaruzo kwenye kioo. Vaa miwani na barakoa.

Lakini vigae vingi huharibiwa na hesabu kabla ya grenda. Tuseme kigae kina kimo cha sentimita 30, na ukingo wa hodhi uko sentimita 54 kutoka sakafuni upande mmoja, 54.6 upande mwingine. Ukiweka kigae kizima upande wa chini, upande wa juu utalazimika kupunguza milimita 6, na ukanda mwembamba hivyo haupasuki vizuri. Hapa ndipo ukuta unaowekewa vigae hadi nusu tu unapokupa uhuru ambao dari lisingekupa: mstari wa juu unauchagua mwenyewe. Uweke sentimita 111.5. Safu ya juu itabaki nzima, na safu inayogusa hodhi, ukishatoa nafasi za viungo, itakatwa kuanzia sentimita 27 hadi 26.4, ambayo jicho halioni. Safu ya sakafuni itapata takriban sentimita 21. Anza kwa ubao ulionyooshwa kwa pima maji, usiuamini ukingo wa hodhi.

Kwenye fremu ya mlango mkato ni wa wima tu, ila fremu nyingi hazisimami sawa na timazi. Pima kila kigae juu na chini.

Juu ya hodhi acha nafasi ya milimita 3, ujaze silikoni, si grauti. Hodhi la plastiki hushuka kidogo likijaa maji, na grauti ngumu hupasuka. Lijaze maji kwanza, paka silikoni, uyaache humo mpaka ikauke.