Mabaka ya Uso na Mwanga Unaopita Dirishani

Mama mwenye ngozi ya maji ya kunde anapata mabaka ya kahawia mashavuni na juu ya mdomo akiwa mjamzito. Hiyo ni melasma: homoni zimechochea seli zinazotengeneza melanini, rangi ya ngozi. Alama nyeusi ya chunusi ni jambo jingine. Huachwa na uvimbe, na mara nyingi hufifia polepole kwa miezi, mradi usiitumbue. Zote mbili hukolezwa na jua.

Anapaka krimu ya jua kila asubuhi, lakini mabaka hayapungui. Krimu nyingi zimetengenezwa kuzuia miale ya urujuanimno, ilhali ngozi nyeusi na ya kahawia huchochewa pia na mwanga unaoonekana, hasa wa buluu, ambao hupita hata kwenye kioo cha dirisha la daladala. Kinachosaidia kuuzuia ni oksidi ya chuma, ile inayoipa krimu rangi ya udongo. Basi achague krimu yenye rangi, SPF 30 au zaidi, apake mistari miwili ya urefu wa vidole usoni na shingoni, na akiwa nje arudie kila saa mbili. Ikimwasha aiache, maana mwasho wenyewe huleta weusi mpya. Mkorogo asiuguse kabisa. Wenye zebaki hudhuru figo.