Kabla ya Kumimina Jiki

Kitambaa cheupe cha meza kikirudi kutoka ukumbi wa harusi kina madoa, wengi wetu tunajua dawa moja tu: beseni, maji na jiki ya kutosha. Mara nyingi kitambaa hutoka cheupe, ndiyo maana tunaiamini. Lakini kuna doa moja ambalo jiki hulikaza badala ya kuliondoa, nalo ni kutu. Na kwa kuwa kitambaa cha sherehe huja na madoa ya kila aina kwa pamoja, kujua lipi lianze na lipi lisubiri kuna manufaa kuliko kununua sabuni ya bei kubwa.

Tuseme kitambaa hicho ni cha pamba tupu. Katikati pamemwagika mvinyo mwekundu, labda ule wa Dodoma. Pembeni, pale sahani ya pilau ilipoegemea, pana mafuta. Kwenye pindo kuna kidoa cha rangi ya machungwa kilichoachwa na waya wa kuanikia. Kabla ya kukilowesha, kinyanyue kwenye mwanga. Penye mafuta huruhusu mwanga upite, kana kwamba kitambaa ni chembamba zaidi hapo. Mvinyo husambaa na ukingo wake huwa mkolevu. Kutu hukaa kidogo kidogo, kwa vidoa vilivyojitenga, na hata ukilowesha haichujuki. Usipokuwa na hakika kama doa la kahawia ni kutu au chai, jiulize kitambaa kiligusa nini: waya, kibanio cha chuma, mguu wa kiti, au pasi ya mvuke inayotema maji machafu.

Anza na mvinyo, ila kwa maji baridi tu. Geuza kitambaa, umimine maji kwa upande wa nyuma ili rangi itoke ilikoingilia. Usifikiche, na usichukue sabuni ya mche bado. Rangi ya zabibu hubadilika kulingana na ukali wa kinachoigusa: kwenye siki au ndimu hubaki nyekundu, kwenye sabuni ya mche, ambayo ina magadi, hugeuka ya buluu au ya kijivu. Mtu akiona hivyo hudhani ameharibu kitambaa, kumbe rangi ni ileile, na tone la siki huirudisha kwenye wekundu. Kwa sasa suuza mpaka maji yanayotoka yawe meupe, halafu uliache doa lililobaki. Zamu yake itafika.

Kisha mafuta. Sehemu hii iwe kavu, kwa sababu maji yakitangulia huifanya sabuni iwe nyepesi kabla haijayafikia mafuta. Paka sabuni ya maji ya kuoshea vyombo moja kwa moja juu ya doa, isugue taratibu kwa vidole, uiache dakika 15. Halafu suuza pembe hiyo peke yake kwa maji ya moto unayoweza kuyavumilia mkononi. Joto huyalegeza mafuta, lakini lingelikaza doa la mvinyo, kwa hiyo usiutumbukize mzigo wote. Kinyanyue tena kwenye mwanga. Ikiwa bado panapitisha mwanga, rudia. Usipige pasi kabla ya hapo, maana mafuta yakishapigwa pasi hushikana na uzi, na kuyatoa baadaye ni kazi ya siku kadhaa, mara nyingine haiwezekani kabisa.

Sasa kutu, na hapa ndipo panapoharibika vitambaa vingi. Kutu ni chuma kilichokwisha kuungana na hewa na unyevu, nayo haiyeyuki kwa sabuni wala haififii kwa jiki. Jiki huongeza ule muungano uleule, doa likawa jeusi zaidi na gumu zaidi. Madobi wanaotumia maji ya kisima yenye chuma hulijua jambo hili kwa njia ya uchungu: wanatia jiki ili shuka ziwe nyeupe, zinatoka na manjano kila mahali. Kinachoiondoa kutu ni asidi isiyo kali, ambayo hukiyeyusha chuma na kukishika mpaka kichukuliwe na maji. Kamua ndimu juu ya doa, nyunyiza chumvi, uanike juani. Hakikisha panabaki pabichi kwa kuongeza ndimu kila panapoanza kukauka. Doa dogo huanza kupauka ndani ya saa moja au mbili. Mwenye vitambaa vingi anaweza kutumia asidi ya sitriki, zile chengachenga nyeupe za watengeneza jemu: kijiko kimoja cha chai kwa kikombe cha maji ya vuguvugu. Kwenye sare ya rangi, jaribu kwanza upande wa ndani wa pindo. Ukimaliza suuza sana, maana ndimu au siki ikikutana na jiki hutoa hewa ya klorini, ambayo ni sumu kwa mapafu.

Mwisho tunarudi kwenye mvinyo. Changanya sehemu mbili za haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, ile inayouzwa duka la dawa kwa kusafishia vidonda, na sehemu moja ya sabuni ya vyombo. Paka, subiri nusu saa, suuza, rudia ikibidi. Mchanganyiko huu unafaa kwa pamba nyeupe na wala si kwa hariri au sufu. Kwa nini usitangulie? Kwa sababu peroksaidi ikikuta chuma hufanya kazi kwa kasi isiyotakiwa, ikaula uzi wenyewe. Kitambaa hutoka cheupe, na baada ya kufuliwa mara chache kinatoboka matundu madogo palepale palipokuwa na kutu. Wengi huwalaumu panya.

Napkini hufuata utaratibu huohuo, ingawa nyingi za kukodi ni za poliesta, na poliesta hupenda mafuta kuliko pamba. Zipakwe sabuni siku ileile, zisilale mpaka kesho. Sare za gereji ni mzigo mwingine. Oili iliyotumika ina masizi na vumbi la chuma ndani yake, kwa hiyo sabuni itaondoa mafuta na kubakiza weusi. Mafundi hutumia mafuta ya taa kwanza, na kweli husaidia, lakini iwe ni kwa kugusisha kitambaa kidogo kilicholoweshwa, nje, mbali na moto. Sare ianikwe mpaka harufu iishe ndipo ifuliwe kwa sabuni ya unga na maji ya moto. Doa jeusi lililokwisha kupigwa pasi mara kadhaa halitatoka lote, na sare ya namna hiyo ibaki kuwa ya kazi.

Hoteli na migahawa inayokausha kwa mashine iongeze tahadhari moja. Vitambaa vya jikoni vilivyobaki na mafuta ya kupikia, vikitolewa vingali moto na kurundikwa, huendelea kujipasha vyenyewe ndani ya rundo hadi vinaweza kushika moto saa kadhaa baadaye, wakati wafanyakazi wamekwisha kwenda nyumbani. Viacheni vipoe vikiwa vimetandazwa, na kama bado vinanuka mafuta, virudisheni kwenye sabuni kabla ya kuvikunja.