Polio: Anayepooza ni Mmoja, Wanaobeba Kirusi ni Mia Mbili

Kuanzia tarehe 18 hadi 21 Mei 2022, wachanjaji walipita nyumba kwa nyumba katika mikoa yote ya Tanzania Bara wakiwadondoshea watoto wa chini ya miaka mitano matone mawili mdomoni. Waliolengwa walikuwa zaidi ya milioni 10. Kata ya Nkoma, ambayo leo iko Wilaya ya Itilima mkoani Simiyu na kabla ya mwaka 2012 ilihesabiwa ndani ya Bariadi, nayo ilikuwa katika hesabu hiyo. Chanzo cha msafara wote huo kilikuwa mtoto mmoja wa kike wa miaka mitatu, aliyepooza Lilongwe, Malawi, mwezi Novemba 2021.

Mzazi wa Nkoma ana haki ya kuuliza. Malawi ni mbali. Tanzania haijapata mgonjwa wa polio ya asili tangu mwaka 1996, na mwaka 2015 ilithibitishwa kuwa imeitokomeza. Tena kadi ya kliniki ya mwanawe imejaa, matone amepata na sindano amepata. Kwa nini basi mtoto mmoja wa nchi nyingine amfanye mchanjaji abishe hodi Simiyu? Jibu linaanzia tumboni, si miguuni.

Kirusi cha polio ni kirusi cha utumbo. Huingia kwa mdomo, kwa maji au chakula chenye chembe za kinyesi, au kwa vidole vya mtoto aliyecheza mahali palipochafuka. Huzaliana kooni na kwenye kuta za utumbo mdogo, kisha hutoka na choo kwa wiki kadhaa, mara nyingi tatu hadi sita. Kwa kirusi chenyewe safari inaishia hapo: kimeingia, kimezaliana, kimetoka kumtafuta mtoto mwingine. Kupooza kwa mguu hakukisaidii kusambaa hata kidogo. Ni ajali ya njiani.

Ajali hiyo ni nadra. Chukua watoto 200 wasio na kinga walioambukizwa kirusi cha aina ya kwanza, kile kilichoonekana Malawi. Mia moja na arobaini hivi hawatakuwa na dalili yoyote. Watakula, watacheza, watachunga mbuzi. Karibu hamsini watapata homa ya siku chache, koo kuuma, kichwa au kutapika, na nyumbani itaitwa malaria au mafua. Wachache shingo na mgongo vitakakamaa, kisha watapona kabisa. Mmoja tu ndiye atakayepooza. Wote 200, wenye dalili na wasio nazo, wanatoa kirusi chooni.

Kwa hiyo mtoto wa Lilongwe hakuwa mgonjwa mmoja. Alikuwa alama ya mamia. Maabara ilipochunguza vinasaba vya kirusi chake, ilikuta kinatokana na ukoo uliokuwa ukizunguka jimbo la Sindh, Pakistan, mwaka 2019. Kwa karibu miaka miwili kirusi kilikuwa kimepita tumbo hadi tumbo bila kuonekana. Mwaka 2022 watoto wengine walipooza Msumbiji. Mpaka wa nchi haumzuii mtoto mwenye afya njema aliyebebwa mgongoni na mama yake.

Sasa tumfuate yule mmoja. Kwa watoto wengi, mwili hutengeneza kingamwili mapema na kukizima kirusi kabla hakijafika mbali. Kwa wachache, kirusi hupenya kutoka utumboni, kikaingia kwenye damu, na kufika katika ugwe wa neva unaopita ndani ya mifupa ya mgongo. Upande wa mbele wa ugwe huo kuna seli zinazotuma amri kwenye misuli. Kirusi hushambulia seli hizo, huzaliana ndani yake na kuziua.

Anayelima kwa plau ya ng'ombe ataelewa kinachofuata. Misuli ni ng'ombe, na seli ile ni mtu anayewaswaga. Seli moja huamuru mamia ya nyuzi za msuli. Mswagaji akifa, ng'ombe wanabaki wazima, wana nguvu zao, lakini wanasimama tu. Ndiyo maana mguu wa polio huwa mlegevu, si mgumu: ukiuinua na kuuachia, unaanguka. Kwa kuwa kirusi huua seli huku na kule bila mpangilio, mara nyingi mguu mmoja huathirika kuliko mwingine. Na kwa kuwa seli za kuhisi hazikuguswa, mtoto ukimfinya anasikia maumivu na kulia, ila hawezi kuuvuta mguu.

Kupooza huja haraka, kwa siku mbili au tatu wakati homa ingalipo, na homa ikishuka hakuendelei tena. Kirusi kikipanda hadi kwenye seli zinazoamuru misuli ya kupumua, mtoto anaweza kufa. Hilo huwapata 5 hadi 10 katika kila 100 waliopooza. Seli zilizokufa hazioti tena. Nafuu inayoonekana katika miezi ya kwanza hutokana na seli zilizojeruhiwa bila kufa, na jirani zilizosalia zinazotoa matawi mapya na kuchukua ng'ombe wa marehemu. Seli hizo hubeba mzigo wa ziada maisha yote. Kuna watu waliopona wakiwa watoto ambao, baada ya miaka kumi na tano au zaidi, huona udhaifu ukirudi kwenye mguu uleule, kwa sababu waswagaji waliobaki wamechoka. Dawa ya kuua kirusi hiki haipo. Kilichopo ni kukiwahi.

Kukiwahi kuna njia mbili, na mtoto wa Tanzania hupewa zote mbili. Matone hutolewa anapozaliwa, kisha wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Sindano ya polio huchomwa pajani wiki hiyo ya 14. Wazazi wengi hudhani sindano ni marudio ya matone, au kwamba ndiyo kali zaidi. Sivyo. Zinalinda sehemu tofauti za mwili.

Sindano ina kirusi kilichouawa. Hakiwezi kuzaliana wala kumdhuru mtu. Mwili ukikiona hujaza damu kingamwili, na kirusi halisi kikijaribu kupita kwenye damu kwenda mgongoni, hukamatwa. Mtoto huyo hapoozi. Lakini ukuta wa utumbo wake haukufundishwa vya kutosha, hivyo kirusi kikiingia tumboni kinaweza bado kuzaliana na kutoka chooni. Israel ilionyesha hilo mwaka 2013. Watoto wake walikuwa wakipewa sindano peke yake, na kirusi cha asili kikakutwa kwenye maji taka kikizunguka kwa miezi. Hakuna aliyepooza, lakini serikali ililazimika kurudisha matone ili kukikata.

Matone yana kirusi hai kilichodhoofishwa. Kinafuata njia ileile ya kirusi halisi: mdomo, koo, utumbo. Kinazaliana humo kwa muda na kuuacha ukuta wa utumbo na kinga yake. Kirusi halisi kikija baadaye kinakuta mlango umefungwa, na mnyororo unakatika. Zaidi ya hapo, mtoto aliyechanjwa hutoa kirusi hicho dhaifu chooni, na wenzake wanaocheza naye wanaweza kupata kinga bila wao kudondoshewa. Ndiyo sababu kampeni ya nyumba kwa nyumba hutumia matone: lengo si kumlinda mtoto mmoja tu, bali kukiondoa kirusi kijijini.

Uhai huohuo ndio udhaifu wa matone. Kwanza, hayavumilii joto. Kila kichupa kina alama ndogo ya duara yenye mraba ndani yake. Mraba ukiwa mweupe kuliko duara, chanjo ni nzima. Joto linavyozidi, mraba unakoza rangi. Ukifanana na duara, kichupa kinatupwa hata kama kimejaa. Mzazi anaweza kuomba aonyeshwe.

Pili, mara chache sana, takribani dozi moja katika milioni kadhaa, kirusi dhaifu humpoozesha mtoto aliyepewa au aliye karibu naye. Tatu, pale ambapo watoto wengi hawajachanjwa, kirusi hicho dhaifu hupata matumbo matupu ya kupita. Kikizunguka hivyo mwaka mmoja au zaidi hubadilika kidogo kidogo hadi kikapata tena uwezo wa kupoozesha. Penye chanjo ya kutosha hakipati nafasi hiyo.

Hatari hii ya tatu imekwishafika kwetu. Mwezi Aprili 2016 dunia iliondoa aina ya pili kwenye matone, kwa kuwa kirusi cha asili cha aina hiyo kilikuwa kimetoweka. Tanzania ilianza sindano, yenye aina zote tatu, mwaka 2018. Tangu hapo mtoto hupata kinga ya aina ya pili kwa sindano tu: damu inalindwa, utumbo haukufundishwa. Mwaka 2023 mtoto mmoja wa mkoa wa Rukwa alipooza kwa kirusi cha aina ya pili kilichotokana na chanjo. Mwezi Septemba mwaka huo watoto wa mikoa sita, Rukwa, Kagera, Kigoma, Katavi, Mbeya na Songwe, wakadondoshewa matone mapya ya aina ya pili, yaliyotengenezwa ili yasigeuke kwa urahisi. Simiyu haikuwamo, lakini wafanyabiashara na wafugaji hawaachi kusafiri.

Basi tuseme kesho asubuhi, katika kaya moja ya Nkoma, mtoto wa miaka minne aliyekuwa na homa juzi anashindwa kusimama. Mguu wa kulia umelegea. Huenda si polio. Kuna magonjwa mengine ya neva yanayolegeza viungo, na hata sindano iliyochomwa vibaya kwenye tako huweza kuumiza neva. Kwa macho hakuna anayeweza kuapa. Kinachoamua ni choo. Huchukuliwa sampuli mbili, zikipishana saa 24 hadi 48, zote ndani ya siku 14 tangu mguu ulegee, kwa sababu baada ya hapo kirusi hupungua chooni na maabara inaweza kukikosa. Kila sampuli hutosha ikiwa na ukubwa wa vidole gumba viwili, na husafirishwa kwenye kiboksi chenye barafu hadi maabara. Baada ya siku 60 mtoto hukaguliwa tena kuona kama ulegevu umebaki.

Siku hizo 14 huisha upesi. Familia ikisubiri homa ipoe, ikaenda kwanza kwa mganga, kisha ikangoja siku ya mnada ili ipate usafiri, sampuli itakayochukuliwa haitasema kitu, na wale 199 wengine wataendelea kupita kimya. Kwa hiyo mtoto yeyote wa chini ya miaka 15 ambaye mkono au mguu wake umelegea ghafla, hata kama kadi yake imejaa, hata kama hana homa tena, apelekwe zahanati siku hiyohiyo. Au mhudumu wa afya wa kijiji aambiwe siku hiyohiyo.