Simu Inapozima Dakika Chache Kabla ya Mtihani wa Mtandaoni

Mtihani wa mtandaoni haukai ndani ya simu ya mwanafunzi. Maswali, majibu na saa inayohesabu muda vyote hukaa kwenye seva, yaani kompyuta ya chuo inayohudumia wanafunzi wote kwa pamoja. Vyuo vingi vya Afrika Mashariki hutumia mfumo wa Moodle kwa kazi hiyo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinautumia, na MUELE ya Makerere imejengwa juu yake. Simu ni njia tu ya kufikia seva, na njia hiyo hubadilishwa. Kwa hiyo simu inapozima ghafla, kinachopaswa kuokolewa kwanza si simu bali uwezo wa kuingia kwenye mfumo: namba ya usajili, nywila, laini na intaneti.

Tuchukue mfano wa mwanafunzi wa mwaka wa pili aliyepanga chumba na mwenzake mjini Morogoro. Mtihani wake unafunguliwa saa 4:00 asubuhi na kufungwa saa 5:00, na muda wa kujibu ni dakika 60. Saa 3:42 anafungua kivinjari ili aingie mapema. Chaji inasoma asilimia 34. Ukurasa unaanza kufunguka, kisha kioo kinakuwa cheusi na simu inanyamaza.

Hatua ya kwanza ni kutazama saa na kugawa muda uliobaki. Zimebaki dakika 18. Mwanafunzi anaamua kwamba simu itapewa dakika nane tu. Ikifika saa 3:50 bila kuwaka, ataiacha na kuhamia kifaa kingine. Mpaka huu huwekwa mwanzoni, akili ikiwa imetulia, kwa sababu anayehangaika na simu huona kila mara kwamba inakaribia kupona, na dakika za kuhamia kwingine huisha hivyo hivyo.

Hatua ya pili ni kujua kilichokufa, na jaribio rahisi ni kuipigia simu hiyo kwa simu ya jirani. Ikiita huku kioo kikiwa cheusi, simu i hai na tatizo ni kioo au mfumo ulioganda. Ikisemekana haipatikani, huenda imezima kabisa. Katika mfano huu haipatikani. Mwanafunzi anaichomeka kwenye chaja ya ukutani. Hatumii waya wa kompyuta, kwa kuwa tundu la USB la kawaida la kompyuta hutoa umeme mdogo, mara nyingi nusu ampea, wakati chaja nyingi za ukutani hutoa mara mbili hadi nne ya huo. Baada ya muda mfupi alama ya betri inatokea. Kioo kinafanya kazi, na sasa anayeshukiwa ni betri.

Lakini chaji ilikuwa asilimia 34, na hapo ndipo wengi huchanganyikiwa. Asilimia inayoonekana kwenye simu ni makadirio. Betri iliyochakaa inaweza kuonyesha theluthi ya chaji, lakini simu inapodai umeme mwingi kwa mara moja, kama pale kivinjari, data na mwanga mkali wa kioo vinapofanya kazi pamoja, nguvu yake hushuka chini ya kiwango ambacho simu inahitaji, nayo huzima. Dalili zake huanza siku nyingi kabla: asilimia zinaruka kutoka 30 hadi 12, au simu inazima mtu akifungua kamera. Dalili nyingine ni mgongo wa simu kuvimba, na hiyo ni hatari. Simu iliyovimba haichomekwi tena kwenye chaja, bali hupelekwa kwa fundi.

Saa 3:46 mwanafunzi anabonyeza kitufe cha kuwashia. Nembo ya kampuni inatokea, kisha simu inazima. Anajaribu mara ya pili na hali ni ile ile, kwani kuwaka kwenyewe kunahitaji umeme mwingi ambao betri bado haina.

Kama simu ingekuwa imeganda tu, dawa ingekuwa kuilazimisha kujiwasha upya. Kwenye simu nyingi za Android hubonyezwa kwa pamoja kitufe cha kuwashia na cha kupunguza sauti, vikashikiliwa sekunde 10 hadi 20 mpaka nembo itokee. Kwenye iPhone 8 na zilizofuata, kitufe cha kuongeza sauti hubonyezwa na kuachiwa, kisha cha kupunguza hubonyezwa na kuachiwa, halafu cha pembeni hushikiliwa mpaka nembo ionekane. Tahadhari ni moja. Kwenye simu nyingi za Android, kushikilia kitufe cha kuongeza sauti badala ya kupunguza hufungua orodha ya matengenezo yenye mstari ulioandikwa `Wipe data/factory reset`. Mstari huo hufuta kila kitu kilichomo kwenye simu. Aliyefika hapo kwa bahati mbaya achague `Reboot system now`: mishale hushushwa kwa vitufe vya sauti na uchaguzi hufanywa kwa kitufe cha kuwashia.

Saa 3:50 imefika na simu haijawaka. Mwanafunzi anaiacha kwenye chaja na kuazima simu ya mwenzake, ambaye anasoma kozi nyingine na hana mtihani asubuhi hiyo. Kuazima simu peke yake hakutoshi. Bando la intaneti lipo kwenye laini ya mwanafunzi, na kama chuo au barua pepe yake hutuma namba za uthibitisho kwa ujumbe mfupi, zitakuja kwenye laini hiyo hiyo. Kwa hiyo anaitoa laini kwenye simu iliyokufa na kuiweka kwenye nafasi ya pili ya simu ya mwenzake. Laini ikiwa na PIN, huingizwa kwa uangalifu, kwa kuwa kukosea mara tatu huifunga mpaka ipatikane namba ya PUK.

Kisha anaingia kwenye mipangilio, anachagua laini yake kuwa ya data, na kuizima kwa muda ile ya mwenzake kwa idhini yake. Sababu yake ni ya kiufundi. Simu nyingi za laini mbili hukata data ya laini moja mara tu mtu anapopokea simu kwenye laini nyingine. Salamu ya shangazi katikati ya mtihani inaweza kuondoa intaneti bila mtahiniwa kuelewa kimetokea nini.

Kikwazo kinachofuata ndicho huwaangusha wengi: nywila. Mtu aliyezoea kivinjari kumjazia nywila huenda haikumbuki tena. Akiomba nyingine, mfumo hutuma kiungo kwenye barua pepe, na barua pepe inapofunguliwa kwenye kifaa kigeni inaweza kudai uthibitisho kutoka kwenye simu ile ile iliyokufa. Mwanafunzi wa mfano huu ameiandika nywila yake kwenye daftari linalokaa chumbani. Anafungua kurasa za faragha kwenye Chrome, zinazoitwa `Incognito`, ili nywila yake isibaki kwenye simu ya mtu. Saa 3:55 yumo ndani ya mfumo na jina la somo liko mbele yake.

Dakika tano zilizobaki zina kazi moja muhimu, nayo ni kumwandikia mhadhiri kabla mtihani haujaanza. Taarifa iliyotumwa mapema ina uzito kuliko maelezo ya baadaye, kwa sababu muda wake unajionyesha wenyewe. Inapaswa kuwa fupi na yenye mambo yanayoweza kuthibitishwa: “Shikamoo, Mwalimu. Naandika kuhusu mtihani wa leo saa 4:00. Simu yangu imezima saa 3:42 na haiwaki. Nimeingia kwenye mfumo kwa simu ya kuazima na nitaanza kwa wakati. Nikikwama nitakujulisha mara moja.” Chini yake huwekwa jina, namba ya usajili na namba ya somo. Pamoja na ujumbe anatuma picha ya simu yake ikiwa imekwama kwenye nembo.

Saa 4:00 mtihani unafunguka naye anaanza. Kwa kawaida Moodle huhifadhi majibu kwenye seva kila mtahiniwa anapohamia ukurasa mwingine, na pia yenyewe baada ya takriban dakika moja tangu jibu libadilishwe, pale chuo kinapokuwa hakijabadilisha mpangilio huo. Simu hii nayo ikizima, atakachopoteza ni maandishi ya muda mfupi wa mwisho. Akiingia tena kwa kifaa chochote, atakuta kitufe cha `Continue your attempt` na kuendelea alipoishia. Saa ya mtihani, hata hivyo, haisimami, kwani inahesabiwa na seva hata mtahiniwa akiwa nje ya mfumo. Intaneti ikikatika, ukurasa huonyesha onyo linaloanza na `Network connection lost`. Onyo hilo likitokea, ukurasa haufungwi. Jibu la mwisho hunakiliwa kwenye karatasi, data huzimwa na kuwashwa, kisha kazi inaendelea.

Kuchelewa kuanza nako kuna hesabu yake. Mtihani wa dakika 60 unaofungwa saa 5:00 humwachia anayeanza saa 4:10 dakika 50 tu, kwa kuwa saa ya kufunga ndiyo inayotawala. Ungefungwa saa 6:00, angepata dakika zake 60 kamili. Ndiyo maana saa ya kufunga husomwa mapema pamoja na saa ya kufungua.

Njia hii ina mipaka. Baadhi ya vyuo hufungia mtihani kwenye kifaa kimoja mara unapoanza, na hapo ni mhadhiri au msimamizi wa mfumo tu anayeweza kumfungulia mtahiniwa njia nyingine. Mitihani mingine hudai programu maalumu kama Safe Exam Browser, ambayo ipo kwa kompyuta za Windows na Mac na kwa iPhone na iPad, lakini si kwa Android. Simu ya Android ya kuazima haitasaidia kwa mtihani wa namna hiyo, na mtahiniwa anahitaji kompyuta ya akiba au chumba cha kompyuta cha chuo.

Saa 5:00 kasoro dakika chache mwanafunzi anabonyeza `Submit all and finish`, anasubiri ukurasa wa kuthibitisha, anaupiga picha, kisha anatoka kwenye mfumo na kurudisha simu. Mchana fundi anabadilisha betri iliyochakaa, na simu inawaka ikiwa na kila kitu chake.

Anayetarajia mtihani wa mtandaoni afanye jaribio moja siku moja kabla: aazime simu ya mwenzake, aingie kwenye mfumo wa chuo bila kugusa ya kwake, kisha atoke. Akishindwa, atakuwa na usiku mzima wa kutafuta nywila na kuthibitisha barua pepe.